Mangi aliyeitwa Lawe: kisa cha duka moja Makorora

Kisa hiki kimetokea Tanga mjini, mtaa wa Makorora, katika duka la rejareja linalotazamana na nyumba yetu. Mwenye duka ameridhia nikiandike, ila majina nimeyaacha. Yeye nitamwita Mangi, kama mtaa mzima unavyomwita. Mteja wake nitamwita fundi, maana anatengeneza baiskeli chini ya mkungu ulio hatua chache kutoka dukani, na kwa Tanga ilivyojaa baiskeli fundi hakosi kazi.

Mangi si Mchaga. Ni Mpare wa milimani Same, Msabato, duka lake halifunguliwi Jumamosi mpaka jua lizame. Mangi ni cheo cha watawala wa zamani wa Uchagani, na kwa vile watu wa Kilimanjaro walitawanyika nchi nzima wakifungua maduka, jina hilo likageuka kuwa la kila muuza duka. Wapare na Wachaga ni majirani na watani wakubwa, kwa hiyo kumwita Mpare "Mangi" kunachekesha mara mbili. Alilipokea jina hilo siku ya kwanza kwa kicheko. Nalitaja mapema kwa sababu huko mbele tutahitaji kulilinganisha na jina la pili, lile lililomuumiza.

Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye dirisha la nondo. Anauza unga, sukari, mchele, maharage, mafuta ya kula ya kupima, sabuni ya mche anayoikata vipande, vocha, na viberiti. Kama maduka yote ya mtaani, linakopesha. Mtu wa bodaboda anapata hela kila siku lakini hajui ngapi, mvuvi akikosa samaki wiki nzima watoto wanataka kula vilevile, na mwenye mshahara kufika tarehe ishirini mfuko umekauka. Asiyewakopesha hawa watamhama. Kila muuza duka anajua msemo wa kukopa harusi, kulipa matanga, na bado anakopesha.

Mangi alikopesha kuliko wenzake, na vibaya kuliko wenzake. Daftari lake nimeliona. Halikuwa na tarehe. Deni jipya aliliandika chini ya la zamani bila kuuliza la zamani litalipwa lini. Baya zaidi ni kwamba baadhi ya wadaiwa hawakuwa na majina: palikuwa na "mama wa kanga nyekundu, mafuta nusu lita", na "kijana mrefu wa bodaboda, unga kilo 2". Alikuwa mgeni, hakutaka kumuuliza mtu jina lake mbele ya wengine akaonekana hamwamini. Juu ya hapo alikuwa na mkono wa mbasela. Akishapima sukari na mizani ikatulia, anachota tena kidogo na kumimina juu.

Sasa neno. Kando ya duka kuna kijiwe, vijana wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Fundi akifunga kazi jioni hupita dukani kabla ya kwenda kukaa nao. Jioni moja, mwaka wa pili wa Mangi pale mtaani, akaingia na salamu mpya.

"Lawe! Habari za jioni, Lawe wetu!"

Kutoka kijiweni wakajibu kwa pamoja: "Amina!"

Fundi akachukua sukari nusu kilo na mkate, akasema, "Tia kwenye daftari, Lawe," na kijiwe kikaitikia tena, "Amina!" Kesho yake hivyo hivyo. Baada ya muda wateja wengine vijana nao wakawa wanamwita Lawe, na daima alikuwapo mtu wa kuitikia.

Mangi alilipenda jina hilo. Kwao Upareni hakulijua, ila lilikuja na tabasamu, lilikuja na "wetu", na lilifuatwa na amina, neno analolisema mwenyewe kanisani. Alidhani wanamwombea heri. Hata hivyo hakulimeza kimyakimya. Alimuuliza fundi ana kwa ana, dirishani, "Lawe ndiyo nini, fundi?" Fundi akamjibu bila kusita: "Lawe ni mtu mwenye mkono wa kutoa. Huku pwani ukiitwa hivyo ujue umependwa." Naomba msomaji alishike jibu hilo.

Mangi akampigia simu mkewe kule Same kumwambia kwamba watu wa Tanga wamempa jina. Akamwita mchoraji wa vibao, wakapatana bei ya kuandika juu ya mlango: LAWE DUKA LA REJAREJA. Mchoraji alikuwa amesharudi mara mbili kupima ubao.

Ukweli aliupata kwa mlango mwingine kabisa. Jirani mmoja alikuwa na mtoto aliyetoka jandoni, na mama wa mtoto akaja kununua pipi, pakiti tatu. Akazipasua palepale kwenye ngazi ya duka, watoto wakishaanza kukusanyika, akanyanyua mkono na kupaza sauti: "Sadakalaweee!" Watoto wakajibu, "Amina!" Akasema, "Mwenye kupata apate!" na pipi zikaruka. Watoto wakazigaragazia mchangani, mmoja anamkalia mwenzake, mwingine anaficha zake ndani ya kaptura. Mama akachota konzi nyingine. "Sadakalaweee!" "Amina!"

Mangi alikuwa dirishani, kopo la kupimia mkononi. Ananiambia alichoshituka nacho kwanza si neno, ni amina. Ilikuwa na mwendo uleule wa kijiweni, ile "a" ya mwisho ikivutwa vilevile. Ndipo akalisikia na neno lililoitangulia, nusu yake ya nyuma.

Aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa sadakalawe. Ni mwito wa kitu kinachotupwa kwa yeyote: hakina mwenyewe tena, hakuulizwi jina wala haki, mwenye mbio ndiye anayeondoka nacho. Kumwita mwenye duka kwa jina hilo ni kusema kwamba duka lake limetupwa barabarani. Na kulikata neno, likabaki Lawe, ndiyo kazi ya vijiwe siku zote. Neno likikatwa kichwa hubaki linajulikana na waliokuwapo lilipokatwa, na asiyekuwapo husikia kama jina la mtu.

Hakumuuliza mama wa pipi. Aliuliza mahali alipoamini, kwa mama anayekaanga vitumbua asubuhi kwenye pembe ya nyumba yetu, mtu mzima anayemwita Mangi mwanangu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Vya mia tano?"

"Mama, nakuuliza kitu. Wale vijana wanaponiita Lawe, ni ile ya sadakalawe?"

Mama akageuza kitumbua ambacho hakikuwa kimeiva upande wa chini. Akakigeuza tena. "Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Ndiyo hiyo?"

"Vijana wana maneno yao, mwanangu. Usiyaweke moyoni."

Jibu hilo lilimtosha. Angekuwa anakosea, mama angecheka na kumwambia hapana.

Nimekaa na kisa hiki kwa muda, kwa sababu nilipoanza kukisimulia kwa watu wa hapa wengi walinijibu kwamba ule ni utani tu, na Mangi amechukia bure. Wapo walioongeza kwamba pwani ndivyo tulivyo, tunasema kwa mafumbo, tunapelekeana salamu hata kwa maandishi ya kanga, asiyeweza arudi kwao. Hoja ya utani inastahili kujibiwa vizuri, na hoja ya kanga pia, kwa sababu zote mbili zinataja kitu cha kweli na kukitumia mahali pasipo pake.

Utani wa makabila una utaratibu. Kila upande unajua kwamba mwenzake ni mtani. Mchaga akimwambia Mpare kwamba kwao hata kuku wanapelekana mahakamani, Mpare anacheka na kumrudishia kwamba Mchaga akisikia sarafu imeanguka hufufuka. Neno linakwenda na linarudi, na anayetaniwa analifahamu neno lote, tena mara nyingi analifahamu kuliko anayemtania. Jina la Mangi lilikuwa hivyo. Mpare alijua kwa nini linachekesha, na siku ya pili tu alikuwa anawajibu wateja, "Mangi wenu leo amekwenda kuhesabu migomba." Lawe halikuwa na marejeo. Miezi ile yote Mangi hakuweza kulijibu kwa sababu hakujua kuna kitu cha kujibu. Kicheko kilikuwa cha watu wote waliokuwa pale isipokuwa yeye.

Kanga nayo ni kinyume cha kilichofanyika. Mwanamke anayevaa kanga ya "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" na kupita mbele ya mlango wa jirani anataka jirani aisome. Fumbo la kanga ni kali kwa sababu aliyelengwa analielewa ila hawezi kulishika, akiuliza ataambiwa hii ni nguo tu. Kijembe cha pwani kimejengwa juu ya kuelewa kwa mlengwa. Kijembe ambacho mlengwa hakielewi, na wenye kukirusha wanajua kwamba hakielewi, hakimfikishii ujumbe wowote. Kinampeleka yeye mwenyewe kuwa mchezo wa wengine. Nasema kwa uchungu kwamba tulichomfanyia mgeni wetu tulikiita desturi, na desturi yenyewe haikitambui.

Lakini nilijiuliza kama fundi alikuwa na nia hiyo kweli, maana huenda alianza tu kwa kuropoka. Neno peke yake haliwezi kulijibu swali hilo, kwa sababu Lawe lingeweza kutamkwa na mtu anayempenda Mangi. Nilitazama vitu viwili tu. Cha kwanza ni ile amina. Hakuna anayeitikia amina kwa jina la mtu. Ukimsalimia Hamisi, wa pembeni hawasemi amina. Waliokuwa wakiitikia walikuwa wanaukamilisha mwito, maana yake walikuwa na sehemu yao ya mchezo na walijua zamu yao inafika lini. Mangi aliisikia kila jioni na kuipokea kama dua, na ndicho kilichomchelewesha. Tena mwito ulikuja na wakati wake: asubuhi fundi akija kununua kwa taslimu, peke yake, alisema "Mangi, nipe vocha". Lawe lilitoka wakiwapo wasikilizaji na likizidi wakati wa kukopa.

Cha pili ni lile jibu la dirishani. Mangi aliuliza waziwazi, na hapo fundi alikuwa na nafasi ya kuligeuza jambo zima kuwa utani. Angesema, "Ah, ni sadakalawe Mangi, unagawa mno wewe!" Mangi angecheka au angenuna, lakini angekuwa na neno lake mkononi. Fundi akachagua jibu ambalo nusu yake ni kweli, kwamba Lawe ni mwenye mkono wa kutoa, akaongeza kwamba amependwa. Mtu aliyeulizwa maana akaificha amejua kwamba maana hiyo ikifahamika mchezo utakwisha. Kabla ya siku ile ningemsamehe fundi kwa kusema alikuwa anacheza. Kuanzia siku ile alikuwa anamcheza Mangi.

Mangi alipofahamu, hasira yake ya kwanza ilikwenda kwenye daftari. Alichukua karatasi ya manila, akaandika WADAIWA SUGU juu, na chini yake majina na kiasi, fundi akiwa wa kwanza kwa shilingi 38,500. Alitaka kuibandika dirishani. Alinivukia barabara usiku nimsomee kama maandishi yanaonekana kwa mbali. Tulikaa barazani karibu mpaka saa tano. Nilimwambia maandishi yanaonekana vizuri, na nikamwomba ayahesabu majina ya watu waliowahi kumwita Lawe. Kati ya majina kumi na moja aliwataja watatu. Wanane waliobaki walikuwa wanadaiwa tu, mmoja wao mjane ambaye huwa analipa mia tano mia tano bila kukumbushwa. Karatasi ile ingewaaibisha wanane kwa kosa la watatu. Na kijiwe kingepata kitu kipya cha kucheka, maana mwenye duka aliyebandika "kijana mrefu wa bodaboda" dirishani angekuwa amewathibitishia kila walichokuwa wakisema.

Akaniuliza habari za kwenda serikali ya mtaa, au polisi. Sheria ya kanuni za adhabu, kifungu cha 89, inakataza lugha ya matusi inayoelekea kuvunja amani. Sikuona kwamba Lawe lingefika huko. Shauri lingekuwa kuthibitisha kwamba nusu ya neno la watoto ni tusi, mbele ya mashahidi ambao wangesema wote kwamba ni jina la mapenzi. Deni ni habari nyingine, linadaiwa kwa njia zake, na nilimsihi asiyachanganye hayo mawili. Akimfuata fundi kwa hasira ya neno huku ameshika daftari, fundi atasema Mangi ametafuta kisingizio cha kudai. Na akidai huku ameumia, hatajua mwenyewe anadai nini.

Siku iliyofuata alikwenda chini ya mkungu mchana, saa ambayo kijiwe hakina watu. Hakubeba daftari. Mimi sikuwapo. Haya nimeyapata kwa wote wawili, na maelezo yao yanalingana kwa sehemu kubwa.

"Fundi, nimelijua Lawe."

Fundi alikuwa anaziba pancha, tyubu imo ndani ya beseni la maji, akaendelea kuizungusha. "Lawe si nilikwambia, kaka."

"Uliniambia nusu. Nusu nyingine nimeisikia kwa watoto."

Fundi akacheka kidogo. "Ah, Mangi, huo utani. Hata sisi kwa sisi tunaitana majina mabaya zaidi."

"Wewe wanakuitaje?"

"Wananiita Pancha."

"Unajua kwa nini wanakuita Pancha?"

"Najua. Nilishawahi kuziba tundu moja nikaacha mawili."

"Basi umelijua jina lako. Mimi nilikuuliza langu ukanificha. Nilikuwa nataka kuliandika juu ya mlango, fundi. Nimeshaelewana na mchoraji."

Hapo, wote wawili wanasema, fundi aliitoa tyubu majini na kuiweka chini. Habari za kibao hakuwa nazo. Alisema, "Tulikuwa tunalicheka duka, hatukucheki wewe." Mangi akamjibu, "Dukani sina mwenzangu. Ulikuwa unamcheka nani mwingine?"

Fundi ndiye aliyeeleza lilipoanzia. Siku moja mwanamke asiyejulikana pale mtaani, yule wa kanga nyekundu, alikopa mafuta nusu lita na hakuonekana tena, na kijana mmoja kijiweni akasema, "Duka la sadakalawe hili." Wengine wakaitikia amina. Fundi alilichukua na kulileta mpaka dirishani, na ndiye aliyelikata. Aliomba radhi kwa maneno machache, akiangalia beseni. Mangi alimwambia: "Radhi nimepokea. Ila wale wanaoitikia, nenda ukawaambie wewe. Mimi nikiwaambia wataitikia."

Nalihesabu ombi hilo kuwa jambo bora alilolifanya katika kisa kizima. Aliyelileta neno alikuwa ndiye pekee anayeweza kulizima, kwa kuwa kijiwe kilimfuata yeye. Mangi angesimama mbele yao na kuwaeleza kwamba ameumia, angekuwa anaomba huruma kwa watu ambao kazi yao ya jioni ni kucheka. Fundi alikwenda jioni ileile. Alichowaambia sikijui, lakini Lawe lilipotajwa kesho yake na kijana mmoja aliyechelewa kupata habari, hapakuwa na wa kusema amina, na neno bila kiitikio chake lilikufa mdomoni mwake.

Kuhusu daftari, Mangi alikiri kwangu jambo lililokuwa gumu kwake kuliko kumkabili fundi. Alisema, "Walinidhihaki, lakini hawakunisingizia." Tukalifanyia hesabu. Mfuko wa sukari wa kilo 50 alikuwa anaununua jumla kwa 130,000, yaani kilo 2,600, na kuuza kwa 2,800. Faida ni 200 kwa kilo. Kilo moja ikichukuliwa isilipwe, fedha yake iliyopotea ni 2,600, kwa hiyo lazima auze kilo 13 nyingine kwa taslimu ndipo arudi pale alipokuwa. Deni la fundi peke yake, tukilifanya lote ni sukari, lilihitaji mifuko mitatu na nusu na zaidi kidogo iuzwe bila faida hata ya senti. Na mbasela inatoka mlemle katika zile 200. Konzi aliyokuwa akiiongeza tuliimwaga kwenye mizani, ikawa karibu gramu 40, ambayo ni kama shilingi 100 ya mali. Nusu ya faida ya kilo aliigawa kwa mkono wake mwenyewe kabla mtu hajakopa.

Sasa mbasela ameibakiza kwa watoto wanaotumwa tu, na kwao ni pipi moja. Daftari jipya lina tarehe, jina analoitwa mtu na mtaa anaokaa, na mstari wa sahihi ya mkopaji. Lililosaidia zaidi ni kanuni moja isiyoandikwa popote: mwenye deni la zamani anapunguza kwanza chochote, hata mia tano, ndipo anachukua jipya. Waliokuwa na nia ya kulipa hawakuona tabu. Wengine walihamia duka la mtaa wa pili, na miongoni mwao ni wale ambao Mangi hakuwa na matumaini nao tangu zamani. Yule mama wa kanga nyekundu amemfuta. Fundi alipangiwa 5,000 kwa wiki. Alilipa wiki tatu mfululizo, akaruka, akalipa tena, na mpaka naandika haya anadaiwa 13,500. Bado ananunua hapohapo. Hawajawa marafiki, wanasalimiana.

Mchoraji wa vibao alirudi kuulizia kazi. Ubao umeandikwa DUKA LA MANGI.

Linalonisumbua mimi ni mama wa vitumbua, na nadhani yeye ndiye anayefanana nasi wengi. Alijua tangu mwanzo. Alimsikia mwanawe wa hiari akiitwa kitu cha kutupwa kila jioni, na asubuhi akamuuzia vitumbua na kumuuliza kama amelala salama. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia. Akanijibu kwamba angemwambia, angeitwa mchonganishi. Fundi ni mtoto wa shoga yake, na mtaani kwetu anayepeleka maneno huchukiwa kuliko aliyeyasema. Hilo ni kweli, sikuweza kumbishia. Kupeleka maneno kumevunja nyumba nyingi kuliko matusi yenyewe.

Mangi alimpa njia ambayo sisi wenyeji hatukuifikiria. Alimwambia, "Mama, siku nyingine usiniambie nani amesema wala amesema nini. Niulize tu: mwanangu, jina hili unalijua? Nikisema silijui, sema kaulize. Hapo hujapeleka neno la mtu."

Mama akamwambia hilo ataliweza. Na juzi, kuna dereva wa bajaji ameanza kumwita Mangi "Mzee wa Jumamosi", nikamwona mama anaacha chuma chake motoni na kuvuka mpaka dirishani. "Mwanangu, hilo jina unalijua?" Mangi akacheka, akamwambia analijua, ni kwa sababu Jumamosi hafungui na jamaa hukosa vocha. Mama akarudi kwenye moto wake.